Mtoto "amepungua" sentimita: kagua ubao wa urefu kabla ya kuandika udumavu

Malalamiko ya kliniki za watoto kuhusu kipimo cha urefu yanajirudia. Mama anauliza iweje mtoto wake alikuwa sentimita 82 mwezi uliopita na leo ni 81.4. Afisa lishe anaona udumavu umeruka ndani ya mwezi mmoja katika zahanati moja tu. Nesi anapima, mwenzake anarudia, namba hazifanani. Mara nyingi mtoto hana tatizo, na nesi naye anajua kazi yake. Tatizo ni ubao, au jinsi ulivyowekwa, na kosa lenyewe ni dogo kiasi kwamba jicho halilioni.

Kabla ya kuingia kwenye dalili, kuna jambo moja la kushika, maana litarudi kila mahali huku chini. Kosa linalomfanya mtoto asomeke mfupi linasukuma majibu mawili pande mbili tofauti. Kwenye urefu kwa umri, mtoto anaonekana ana udumavu zaidi ya alivyo. Kwenye uzito kwa urefu, mtoto huyohuyo anaonekana amenenepa zaidi ya alivyo, kwa sababu kilo zake sasa zinalinganishwa na mwili mfupi. Kwa hiyo ubao unaosoma pungufu unazalisha udumavu usiokuwepo na wakati huohuo unaficha ukondefu uliopo. Ubao unaosoma zaidi unafanya kinyume chake.

Ni kosa la kiasi gani linalotosha? Chukua mvulana aliyetimiza miezi 24 leo, anapimwa amesimama. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, urefu wa kati wa umri huo ni sm 87.1, na mstari wa −2, ambao chini yake tunaita udumavu, uko sm 81.0. Tuseme urefu wake halisi ni 81.6. Yuko juu ya mstari, na alama yake, yaani umbali wake kutoka urefu wa kati kwa hatua za mtawanyiko wa watoto, ni kama −1.8. Ubao ukisoma pungufu kwa milimita 8, anaandikwa 80.8, na hapo ameshaingia kwenye udumavu. Kwenye uzito kwa urefu, milimita 8 hizo zinampandisha kama robo ya alama, maana kwenye urefu wa karibu sm 80 kila sentimita moja inabeba takriban gramu 200 za uzito unaotarajiwa. Mtoto mwingine wa urefu huo aliyekuwa −2.1, yaani amekonda, atasomeka karibu −1.9 na kurudishwa nyumbani.

Kadiri mtoto alivyo mdogo, ndivyo kosa lilelile linavyomwumiza zaidi. Sentimita moja ni karibu nusu ya alama kwa mtoto wa miezi 6, ni theluthi ya alama kwa wa miaka 2, na ni robo kwa wa miaka 4.

Kifaa cha kutafutia kosa: fimbo mbili

Karibu kila dalili iliyo hapa chini inaanza kuchunguzwa kwa fimbo ya ukaguzi, yaani kitu kigumu ambacho urefu wake unajulikana. Ziwe mbili: moja ya karibu sm 60 na nyingine ya karibu sm 100. Bomba la alumini la fundi madirisha linafaa sana, kwa sababu mashine yake inakata ncha zikiwa zimenyooka. Mti si mzuri. Unanyonya unyevu na ncha zake zinalika. Joto lisikutie wasiwasi, kwani kati ya mchana wa Tanga na asubuhi ya Makete bomba la mita moja halibadiliki hata milimita.

Si lazima fimbo iwe sm 60 kamili. Kinachotakiwa ni kujua urefu wake na kuuandika juu yake kwa wino usiofutika, hata ukiwa 60.3. Ipime kwa futi ya chuma ya seremala. Usitumie tepu ya fundi cherehani, kwa sababu inavutika, na ile ya zamani imeshavutika tayari. Na hata kwenye futi ya chuma usianzie kwenye ndoano ya mwanzo, maana ile ndoano hucheza. Weka ncha ya fimbo kwenye alama ya sm 10, soma upande wa pili, kisha toa 10. Apime mtu mmoja, arudie mwingine, hadi mkubaliane.

Dalili ya kwanza: fimbo haisomi urefu wake

Simamisha ubao mahali unapopimia kila siku, si kwenye meza ya ofisini. Weka fimbo ya 60 juu ya kikanyagio, mgongo wake ukigusa ubao, shusha kibao cha kuteleza, soma. Rudia mara tatu. Kisha fanya vilevile kwa fimbo ya 100. Tofauti ya milimita 1 au 2 inayobadilika kila ukirudia inatokana na macho yako na mkono wako. Tofauti inayobaki palepale mara zote tatu, kuanzia milimita 3, ni ya kifaa. Hiyo ndiyo kanuni ninayotumia, na ikifika milimita 5 nasimamisha upimaji hadi chanzo kipatikane.

Sasa ndipo uzuri wa kuwa na fimbo mbili unapoonekana, kwa sababu namna zinavyokosea inakuambia pa kuangalia.

Fimbo fupi ikisoma sawa na ndefu ikasoma pungufu, tazama kiungo. Mbao nyingi za kliniki hukunjwa au hutenganishwa vipande viwili au vitatu ili zibebeke, na vile vya plastiki huchomekwa kipande juu ya kipande. Hii ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote. Mchanga, nyuzi za kanga au maji ya kusafishia yaliyokauka hukaa kwenye kiungo, na kipande cha juu hakishuki hadi mwisho. Mizani yote, yaani mistari na namba za ubao, iliyo juu ya pengo hilo inakuwa imenyanyuliwa, hivyo kichwa cha mtoto kinakutana na namba ndogo kuliko inayostahili. Pengo la milimita 8 ni milimita 8 za urefu zilizopotea, kwa kila mtoto aliyefika juu ya kiungo. Walio chini ya kiungo wanapimwa vizuri, ndiyo maana kosa hili linaweza kukaa muda mrefu bila kushtukiwa: wachanga wako sawa, wa miaka miwili wote "wamedumaa". Fungua kiungo, safisha kwa brashi kavu, funga tena, kisha pitisha ukucha kwenye mstari wa maungio. Ukucha usikwame. Hakikisha pia namba zinaendelea bila kuruka: milimita ya mwisho ya kipande cha chini ifuatwe na ya kwanza ya kipande cha juu, kwa nafasi ileile.

Fimbo zote mbili zikikosea kwa kiasi kilekile, kosa liko mwanzoni au mwishoni mwa kipimo, si katikati. Anza na kikanyagio. Skurubu zake hulegea kwa sababu watoto wanarukia juu yake, na kikishuka chini ya alama ya sifuri, visigino vinashuka nacho na watoto wote wanasoma pungufu. Kaza skurubu, kisha pima kwa futi ya chuma kutoka uso wa kikanyagio hadi alama ya sm 50 ya ubao. Baada ya hapo angalia kibao cha kuteleza: ukingo unaosomea ndio ule ule unaogusa kichwa? Kuna vibao vyenye mshale au dirisha la kusomea, na mtu mgeni husoma ukingo wa juu badala ya mshale. Hapo kosa ni sawa na unene wa kibao, na linakuwa kubwa kiasi cha kuonekana mara moja.

Kosa likikua kadiri fimbo inavyorefuka, kwa mfano milimita 3 kwa fimbo fupi na 5 kwa ndefu, mizani yenyewe si ya kweli. Hutokea pale ambapo utepe wa awali ulifutika na mtu akabandika wa karatasi uliochapishwa, au tepu ya cherehani. Hapa hakuna cha kukaza wala kusafisha. Ubao huo utolewe.

Fimbo ikisoma tofauti kila ukirudia, kibao cha kuteleza kimelegea. Tatizo hili watu hulidharau, halafu hutumia dakika kumi kuhangaika kama ubao umesimama wima kabisa. Hesabu inasema tufanye kinyume. Ubao ukiinama nyuzi 5 kutoka wima, kitu cha sm 80 kinapoteza kama milimita 3 tu, na hata hizo ni pale kitu chenyewe kinapobaki wima bila kuufuata ubao. Lakini kibao cha kuteleza kikinyanyuka mbele kwa nyuzi hizohizo 5, na utosi wa mtoto uko sm 10 kutoka kwenye mizani, kosa ni karibu milimita 9. Na kinanyanyuka kirahisi: unakisukuma chini kwa nyuma, kichwa kinakizuia kwa mbele, nyuma inashuka na namba inasomeka pungufu. Shika kibao kwa mkono uliofunguka karibu na ubao, uhakikishe kimekaa pembe mraba. Ikiwa kinacheza hata ukikishika vizuri, mpelekee fundi.

Dalili ya pili: mtoto "amepungua" urefu tangu mwezi uliopita

Mifupa ya mtoto haifupiki. Kipimo kimoja kati ya viwili kina kosa, na si lazima kiwe cha leo.

Swali la kwanza ni umri. Je, amevuka miezi 24 kati ya vipimo viwili? Chini ya miezi 24 mtoto anapimwa amelala, kuanzia hapo anasimama. Mtu akisimama uti wa mgongo unabanwa na uzito wake, hivyo urefu wa kusimama ni mdogo kuliko wa kulala kwa wastani wa sm 0.7. Viwango vyenyewe vinalijua hilo: kwa mvulana wa miezi 24, urefu wa kati ni 87.8 akilala na 87.1 akisimama. Sasa, mtoto wa umri huo anakua kama sm 0.7 hadi 0.9 kwa mwezi. Yaani aliyepimwa amelala akiwa na miezi 23 akasoma 82.0, na mwezi uliofuata akasimama akasoma 82.0 tena, amekua vizuri tu. Kadi inaonyesha mstari wa bapa, mama anaambiwa mtoto hakui, na ushauri wa lishe unatolewa kwa mtoto asiyeuhitaji. Andika kwenye kadi namna ulivyopima kila mara, herufi moja inatosha: L amelala, S amesimama.

Ukilazimika kwenda kinyume na umri, kuna marekebisho. Mtoto wa chini ya miezi 24 aliyekataa kulala akapimwa amesimama, ongeza sm 0.7. Aliyezidi miezi 24 lakini hawezi kusimama, mpime amelala na utoe sm 0.7. Ila soma dalili ya mwisho huku chini kwanza ikiwa takwimu zenu zinaingizwa kwenye kompyuta.

Ikiwa umri haukuvuka 24, rudi kwenye mwili wa mtoto. Kwa anayelala, sababu ya kawaida ni magoti. Msaidizi ashike kichwa kwa mikono miwili kikigusa ubao wa kichwani, macho ya mtoto yakitazama juu moja kwa moja; mpimaji aweke mkono mmoja juu ya magoti na kuyabana taratibu, mkono mwingine ulete kibao hadi nyayo zote mbili zikigusa bapa. Mguu mmoja ukinyooshwa peke yake, nyonga inapinda na kipimo kinayumba. Zingatia mwelekeo wa kosa: magoti yaliyopinda yanafupisha, lakini kichwa kilichoteleza kutoka kwenye ubao wa juu kinarefusha. Kwa hiyo mtoto "aliyepungua" leo huenda mwezi uliopita alirefushwa na pengo la kichwani, kwa sababu aliyeshika kichwa alikuwa mama mwenyewe, ambaye kwa huruma hakukisukuma mwanawe hadi mwisho. Ndiyo maana napenda msaidizi awe mhudumu, na mama akae upande ambao mtoto anamwona usoni.

Kwa anayesimama, tazama visigino na nywele. Visigino vikinyanyuka anarefuka. Rasta, vifundo na shanga za mwezi uliopita zilizofumuliwa leo zinaweza kueleza sentimita nzima. Kibao kinatakiwa kubana nywele hadi kugusa fuvu. Fundo likiwa palepale utosini na mama hataki kulifumua, ambalo nalielewa kwa bei ya kusuka siku hizi, sogeza kichwa kibao kiguse pembeni mwa fundo, na ikishindikana andika "nywele" pembeni ya namba. Usikisie unene wa fundo na kuutoa kichwani.

Kidevu nacho. Mtoto akitazama juu au akiinamisha kichwa, utosi unashuka. Macho yatazame mbele, sehemu ya chini ya jicho na tundu la sikio vikiwa usawa mmoja.

La mwisho ni saa. Asubuhi tunakuwa warefu kuliko jioni kwa milimita kadhaa. Haitoshi kueleza sentimita, ila ikijumlishwa na lingine inasaidia kuelewa.

Ukishakagua haya, mpime mtoto upya papo hapo mara mbili, ukimwondoa kabisa kwenye ubao katikati ya vipimo. Andika namba ya leo kama ilivyo. Usibadilishe namba ya zamani kwenye kadi ili mstari upendeze. Weka alama ya kuuliza pembeni yake, basi.

Dalili ya tatu: mwezi huu udumavu umeruka, au umetoweka

Lishe ya kijiji kizima haibadiliki kwa wiki nne. Kwa Tanzania nzima, udumavu ulishuka kutoka asilimia 34 katika utafiti wa kitaifa wa 2015–16 hadi asilimia 30 katika ule wa 2022. Sasa piga hesabu ya karatasi: jamii ya watoto wa miaka miwili yenye udumavu wa asilimia 30 kweli, ipimwe na ubao wenye pengo la milimita 8. Kwa mtawanyiko wa kawaida wa watoto, itasomeka karibu asilimia 38 hadi 40. Pengo la kiungo limefuta kazi ya miaka saba, na likaongeza deni juu.

Uliza kwanza kilichobadilika kwenye jengo au kwenye kifaa. Ubao mpya umeletwa? Wa zamani umesafirishwa kwa pikipiki kwenda kliniki ya mkoba? Halafu ukague kiungo na kikanyagio kama kwenye dalili ya kwanza.

Pale ambapo kipimo kimefungwa ukutani, mtuhumiwa mkuu ni sakafu. Zahanati inawekewa vigae, sakafu inapanda sentimita moja na nusu, na hakuna anayekumbuka kwamba sifuri ya kipimo ilipimwa kutoka kwenye saruji ya zamani. Tangu siku hiyo kila mtoto ni mrefu zaidi kwa sentimita moja na nusu. Ripoti inapendeza, udumavu umeshuka, wageni wanapongeza. Wakati huohuo watoto wanaohesabiwa wamekonda wanaongezeka bila sababu, na chakula dawa kinaisha mapema. Zulia au mkeka uliotandikwa chini kwa ajili ya baridi hufanya kosa lilelile kwa udogo. Mkeka unatolewa tu. Kwa vigae inabidi kipimo kifunguliwe na kufungwa upya. Kwa vile vipimo vya kuvuta kutoka ukutani, kichwa chake kikivutwa hadi sakafuni kinapaswa kusoma sifuri; jaribio hilo ni la sekunde tano na lifanyike kila asubuhi ya kliniki. Angalia pia ubao mwembamba ule unaozunguka chini ya ukuta. Unazuia visigino visifike ukutani, mtoto anaegemea nyuma na kufupika. Tafuta ukuta usio nao.

Watoto waliopimwa vibaya wafanyweje? Waite tena walio karibu na mstari, juu na chini yake, na uwapime upya. Hata kama una uhakika kosa lilikuwa milimita 8, usiongeze milimita 8 kwenye kadi ya mtoto mmoja mmoja, kwa sababu hujui pengo lilikuwa kubwa kiasi gani siku aliyopimwa yeye.

Dalili ya nne: wapimaji wawili hawakubaliani, au kila namba inaishia na 0 au 5

Tofauti inayokubalika kati ya wapimaji wawili kwa mtoto mmoja ni hadi sm 0.7; ndiyo iliyotumika kwenye utafiti uliozaa viwango vya 2006. Ikizidi hapo, wote wawili wapime upya. Ikizidi kila mara kwa upande uleule, mmoja wao ana tabia: ama hasukumi kichwa hadi mwisho, ama anasoma akiwa amesimama juu ya ubao badala ya jicho lake kuwa usawa wa namba. Mpimaji mrefu asiyependa kupiga magoti husoma kwa pembe, na namba inahama. Mwambie apige magoti.

Kwa namba zinazoishia na 0 au 5, hesabu rejesta ya mwezi. Zikisomwa kwa uaminifu, tarakimu mbili hizo pamoja ziwe karibu moja kati ya tano. Zikiwa nusu, milimita hazisomwi, zinakadiriwa. Wakati mwingine ni uchovu wa foleni, lakini kagua kwanza kama alama za milimita bado zinaonekana. Mizani iliyofutika inamlazimisha hata mtu makini kukadiria.

Dalili ya tano: utepe wa mkono unasema amekonda, ubao unasema yuko sawa

Hii si lazima iwe kosa. Mzunguko wa mkono na uzito kwa urefu havichagui watoto walewale kila mara, hata vikipimwa kikamilifu. Lakini ikitokea kwa watoto wengi mfululizo, na ubao wako una dalili ya kusoma pungufu, kumbuka lile la mwanzo: ufupi wa uongo unaficha ukondefu. Pima fimbo, kisha kagua mizani ya uzito kwa kitu cha uzito unaojulikana.

Wakati unachunguza, mtoto asisubiri. Aliye na miezi 6 hadi 59 akiwa na mkono chini ya sm 11.5, au mwenye uvimbe wa miguu yote miwili unaobonyea, anapewa rufaa ya utapiamlo mkali hata kama ubao unasema nini. Kwa mwenye uvimbe, uzito wenyewe una maji ndani yake, kwa hiyo uzito kwa urefu hauna maana kwake.

Dalili ya sita: kadi inasema hivi, kompyuta inasema vile

Tazama tarehe ya kuzaliwa kabla ya yote. Kwenye umri wa miaka miwili, mstari wa −2 unapanda karibu sm 0.7 kwa mwezi, hivyo kukosea mwezi mmoja wa umri kunaleta madhara sawa na ubao mbovu.

Kisha tazama ile sm 0.7. Programu ya `WHO Anthro` inauliza kama mtoto alipimwa amelala au amesimama, na ikikuta njia isiyolingana na umri inarekebisha yenyewe. Nesi aliyekwisha kuongeza 0.7 kwa mkono, kisha karani akachagua "amesimama", mtoto ameongezewa mara mbili, jumla sm 1.4. Kubalianeni jambo moja: kwenye rejesta iandikwe namba iliyosomwa kwenye ubao, bila kuguswa, pamoja na herufi ya L au S. Marekebisho yafanywe mahali pamoja tu, ama na programu, ama na anayechora kadi.

Pa kuishia wewe, na pa kumwita fundi

Kusafisha kiungo, kukaza skurubu ya kikanyagio na kutoa mkeka ni kazi ya mpimaji yeyote. Usichonge kibao, usigundishe kiungo kwa gundi, wala usibandike mizani mpya mwenyewe. Ubao uliopinda, kiungo kilichopasuka, kibao cha kuteleza kinachocheza na kipimo cha ukutani kinachohitaji kuhamishwa ni vya fundi wa vifaa tiba wa halmashauri, na baada ya kazi yake fimbo zote mbili zipimwe mbele yake kabla hajaondoka. Ubao uliotolewa uandikwe kwa wino mkubwa USITUMIKE na ufungiwe stoo. Ukiachwa ukutani, siku ya foleni ndefu mtu ataushusha. Siku hiyo endeleeni na uzito na utepe wa mkono, na safu ya urefu iachwe wazi.

Na kuna mtoto ambaye si wa fundi. Fimbo zimesoma sawa, wapimaji wawili wamekubaliana, njia ni ileile, na bado urefu wake haujasogea kwa miezi mitatu: huyo ni wa daktari. Vilevile ambaye miguu yake haikai sawa kwenye kibao, mmoja mfupi au magoti yamepinda kwa mifupa. Akilia kwa maumivu unapobana goti au nyonga, acha kupima hapohapo, mwandikie rufaa, na kwenye safu ya urefu andika "hakupimwa".